Troponini Husomwa Mara Mbili

Namba ya kwanza ilikuwa 9. Kando yake, karatasi ya majibu ilionyesha kiwango cha kawaida: kisizidi 14. Kwa mtu aliyezoea kusoma majibu ya sukari au ya wingi wa damu, kazi ingeishia hapo. Mgonjwa yuko sawa, apewe dawa ya vidonda vya tumbo, arudi nyumbani. Saa moja baadaye ikatoka namba ya pili: 16. Baada ya saa mbili nyingine ikatoka ya tatu: 61. Mama aliyetolewa damu hiyo alikuwa tayari na shambulio la moyo alipoingia mlangoni, na ile 9 iliyoonekana njema ilikuwa mwanzo wake.

Mfano huu nimeutunga, lakini namba zake ni za aina ambayo madaktari wa idara za dharura hukutana nayo mara kwa mara. Nimeuchagua kwa sababu unaonyesha kosa ambalo ni rahisi mno kulifanya kwenye kipimo cha troponini, nalo ni kukisoma mara moja na kuamini umemaliza.

Troponini ni protini iliyomo ndani ya misuli. Mwaka 1965, Setsuro Ebashi na Ayako Kodama wa Tokyo ndio waliotangaza kuipata na kuipa jina hilo. Ina sehemu tatu zinazoshikana, ziitwazo T, I na C, na kazi yake ni kuuruhusu msuli kujikunja na kuuzuia. Troponini T na I zilizo kwenye moyo zimeumbwa tofauti kidogo na zile za misuli ya mikono na miguu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa wanasayansi upenyo: ukitengeneza kingamwili inayong'ang'ania troponini ya moyo peke yake, ukaitia kwenye damu ya mgonjwa, unaweza kujua kama seli za moyo zimemwaga vitu vyake nje. Kundi la Hugo Katus wa Heidelberg, Ujerumani, lilichapisha kipimo cha namna hiyo cha troponini T mwaka 1989.

Vipimo vya kizazi cha kwanza vilikuwa na macho mazito. Vilihitaji troponini nyingi kwenye damu ndipo vitoe jibu, kwa hiyo mtu aliyefika hospitali mapema alipata majibu yasiyoonyesha kitu ingawa moyo wake ulikuwa unakufa kipande. Ilibidi akae kitandani saa sita, pengine hadi kumi na mbili, ndipo daktari athubutu kusema hapana. Vipimo vya usikivu wa juu, vilivyoanza kutumika Ulaya karibu na mwaka 2010 na kuruhusiwa Marekani mwaka 2017, viliondoa usubiri huo. Ili kipimo kistahili jina hilo, lazima kiweze kuona troponini katika damu ya angalau nusu ya watu wenye afya njema, na kinapofika kwenye mpaka wa kawaida, majibu yake ya kurudiarudia yasitawanyike kwa zaidi ya asilimia 10.

Sharti la kwanza lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Zamani kipimo kilijibu ipo au haipo. Sasa karibu kila mtu anayo kidogo, maana moyo mzima nao huvujisha chembe za troponini. Majibu hutolewa kwa nanogramu kwa lita, na nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni. Kwa hiyo swali lililobaki ni kiasi gani, na kiasi hicho kinakwenda wapi.

Hiyo 14 iliyochapwa kwenye karatasi ni mpaka wa troponini T kwa kipimo cha Roche, kama unavyotumika Ulaya na katika nchi nyingi. Hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kisha kutafuta namba ambayo 99 kati ya kila 100 wako chini yake au sawa nayo. Mpaka wa namna hii unakuambia mtu huyu ana troponini nyingi kuliko karibu watu wote wazima. Haukuambii kilichomfikisha hapo. Wala haukuambii lolote kuhusu mtu aliye chini yake ambaye jana alikuwa na 3 na leo ana 9.

Turudi kwa yule mama. Ana miaka 58, ana kisukari, na kifua kilianza kumbana saa kumi na mbili na nusu jioni akiwa anasonga ugali. Alifika hospitali saa mbili kasorobo usiku. Kipimo cha umeme wa moyo kilifanywa ndani ya dakika kumi, na hilo ndilo la kwanza daima. Kama michoro ya umeme ingeonyesha ule unyanyuko unaomaanisha mshipa mkubwa umeziba kabisa, hakuna ambaye angesubiri troponini. Angepelekwa kuzibuliwa mshipa, au kupewa dawa ya kuyeyusha donge, hapo hapo. Michoro yake haikuonyesha hivyo. Ilikuwa na mabadiliko madogo ambayo daktari mmoja angeyaona na mwingine asiyaone.

Damu ya kwanza ilitolewa saa mbili kamili. Hapo ilikuwa imepita saa moja na nusu tangu maumivu yaanze, na muda huo ni muhimu kama namba yenyewe. Sehemu ndogo ya troponini ya moyo huelea tu ndani ya seli. Sehemu kubwa imefungwa kwenye nyuzi za msuli. Seli inapokosa damu na kuanza kupasuka, ile inayoelea hutoka kwanza, na inahitaji muda ili ifike kwenye mkondo wa damu kwa wingi unaoonekana. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa magonjwa ya moyo unaruhusu kumwondolea mtu shaka kwa namba moja tu kama namba hiyo iko chini ya 5 na maumivu yalianza zaidi ya saa tatu zilizopita. Mama huyu hakutimiza hata sharti moja. Alikuwa na 9, na alikuwa amewahi mno.

Saa tatu kamili muuguzi akarudi na sindano.

"Mwanangu, si mmeshanitoa damu sasa hivi?"

"Tumekutoa, mama. Ile ilituambia ulivyokuwa saa mbili. Tunataka kujua unaelekea wapi."

Jibu hilo ndilo moyo wa jambo lote. Anayesimama ufukweni na kuyatazama maji mara moja hawezi kusema kama yanajaa au yanakupwa. Lazima aweke alama kwenye mchanga, asubiri, atazame tena. Namba ya pili ilikuwa 16, yaani imeongezeka 7 ndani ya saa moja. Kwa kipimo hiki, ongezeko la 5 au zaidi ndani ya saa moja linatosha kumwingiza mgonjwa kwenye kundi la wanaotibiwa kama wenye shambulio la moyo, hata kama namba ya kwanza ilikuwa ya kawaida.

Kwa nini 5, na isiwe 1 au 2? Kwa sababu mashine nayo hutetereka. Chukua chupa moja ya damu yenye troponini 14, ipime mara nyingi. Kwa kipimo kilicho kwenye ukingo wa ubora unaotakiwa, majibu yatazunguka kati ya 12 na 16 mara nyingi, na mara chache yatatoka nje ya hapo. Mgonjwa hajabadilika, damu ni ile ile. Ongeza kwamba hata moyo wenye afya haumwagi troponini sawasawa kila saa. Badiliko la 1 au 2 linaweza kuwa mtetemo tu wa mashine na mwili. Lazima kizingiti kiwekwe juu ya mtetemo huo, lakini kisiwekwe mbali sana hadi shambulio dogo lipite bila kuonekana.

Upande wa pili, mgonjwa aliyeanza na namba chini ya 12, kisha badiliko la saa moja likawa chini ya 3, ana uwezekano mdogo sana wa kuwa na shambulio. Katika tafiti zilizoujenga utaratibu huu, zaidi ya 99 kati ya 100 walioondolewa shaka kwa njia hiyo hawakuwa nalo. Hii ndiyo faida kubwa ya usikivu wa juu: watu wengi wanaruhusiwa kuondoka baada ya saa chache badala ya kulala wodini.

Kati ya makundi hayo mawili wamo wale wasiopata jibu. Tuseme mtu ameanza na 10, akafika 14. Badiliko ni 4, halitoshi kumwingiza na limezidi kumtoa. Karibu robo ya wanaopimwa kwa utaratibu wa saa moja huangukia hapa, na kwa maoni yangu hapa ndipo uvumilivu wa daktari na wa ndugu wa mgonjwa hupimwa kweli. Kinachotakiwa ni damu ya tatu, saa tatu baada ya ile ya kwanza, pamoja na kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha kama kuna ukuta wa moyo usiosogea vizuri. Kusubiri huku ni sehemu ya kipimo. Anayemhimiza daktari atoe uamuzi kabla ya damu ya tatu anamhimiza akisie.

Mama wetu hakuwa wa kundi hilo. Alipewa aspirini na dawa ya kuzuia damu kuganda mara majibu ya pili yalipotoka. Ile 61 ya saa tano usiku ilithibitisha tu mwendo uliokwisha kuanza, na asubuhi picha ya mishipa ya moyo ilionyesha tawi moja lililobanwa na donge ambalo halikuwa limeziba kabisa.

Sasa fikiria mzee wa miaka 71, figo zake zimechoka na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Amekuja kwa sababu ya pumzi fupi. Namba ya kwanza ni 48, zaidi ya mara tatu ya mpaka. Ndugu wakiiona watashtuka, na daktari mchanga naye atashtuka. Baada ya saa moja ni 49. Baada ya saa tatu ni 47. Namba hii haiendi popote. Moyo wa mzee unavujisha troponini kila siku, kwa sababu misuli yake imenenepa kutokana na shinikizo la damu la miaka mingi na kwa sababu nyingine zinazoendana na figo mbovu. Hili huitwa jeraha sugu la moyo. Si shambulio, na kumpa dawa kali za kuyeyusha damu kwa sababu ya ile 48 kunaweza kumsababishia kutokwa na damu bila faida yoyote.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, na kwangu hilo linauma zaidi. Ni ile sentensi inayosemwa haraka mlangoni mwa wodi: "Ni figo tu." Watu wenye ugonjwa wa figo hupata mashambulio ya moyo mara nyingi kuliko wengine. Kama mzee huyu angetoka 48 akafika 63, figo zisingeweza kueleza kupanda huko, maana figo hazikuharibika upya ndani ya saa tatu. Kwa mtu ambaye namba yake ya kawaida tayari iko juu, ufafanuzi wa kimataifa wa shambulio la moyo, toleo la nne la mwaka 2018, unachukulia badiliko linalozidi asilimia 20 kuwa dalili ya jeraha jipya. Asilimia 20 ya 48 ni karibu 10. Kutoka 48 hadi 49 ni mtetemo. Kutoka 48 hadi 63 ni jeraha linaloendelea. Na hata ile 48 isiyosogea haifai kupuuzwa: watu wenye troponini iliyo juu daima wana hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka inayofuata, kwa hiyo mzee anastahili uchunguzi wa moyo kliniki ingawa si usiku huo.

Msomaji makini ameshaona kwamba nimebadilisha kipimio. Kwa mama nilihesabu nanogramu, kwa mzee nikahesabu asilimia. Sababu iko kwenye ule mtetemo. Mtu akiwa na 4 na akapanda hadi 6, ni ongezeko la asilimia 50, lakini ni nanogramu 2 tu, na huenda ni mashine. Kwa namba ndogo, asilimia hutia hofu bure. Kwa namba kubwa mambo hugeuka: kutoka 800 hadi 830 ni nanogramu 30, kiasi ambacho kwa mama kingekuwa janga, lakini ni chini ya asilimia 4, ndani ya kawaida ya kutetereka. Kwa hiyo chini huhesabiwa nanogramu, juu huhesabiwa asilimia.

Hizo 800 zinatuleta kwa mgonjwa wa tatu, ambaye ndiye humponyoka hata aliyekwisha kuelewa hadi hapa. Ni mvuvi aliyeumwa kifua Ijumaa usiku, akavumilia, akanywa chai ya tangawizi, na kuletwa Jumapili asubuhi. Namba yake ya kwanza ni 820. Baada ya saa moja ni 806. Baada ya saa tatu ni 780. Imepungua chini ya asilimia 5. Aliyejifunza juzi kwamba namba isiyosogea ni jeraha sugu anaweza kumweka mvuvi huyu pamoja na mzee wa figo, na atakuwa amekosea vibaya.

Troponini baada ya shambulio hupanda kwa kasi, hufika kileleni baada ya saa 12 hadi 24 hivi, kisha hushuka taratibu sana, maana nyuzi za msuli uliokufa huendelea kumomonyoka na kuachia ile troponini iliyofungwa ndani yake. Inaweza kubaki juu ya mpaka kwa wiki moja, hata mbili. Ukipima karibu na kilele au kwenye mteremko mrefu wa kushuka, saa tatu hazitoshi kuonyesha mwendo. Namna ya kutambua ni kuuliza maumivu yalianza lini, kutazama ukubwa wa namba yenyewe, na kupima tena kesho yake. Mvuvi alipopimwa Jumatatu alikuwa na 520. Kushuka nako ni ushahidi. Kwa kipimo hiki, namba ya kwanza inayofika 52 au zaidi inatosha kumweka mgonjwa kwenye uangalizi wa shambulio hata kabla ya ya pili, na huo ndio ulinzi wa watu wanaochelewa.

Kuna kitu kimoja ambacho kupanda na kushuka hakuwezi kusema, nacho ni chanzo. Mwendo huo unathibitisha kwamba seli za moyo zimejeruhiwa sasa hivi. Hautaji nani aliyezijeruhi. Kati ya wagonjwa wanaoingizwa kwa utaratibu wa saa moja, takriban saba hadi nane kati ya kumi ndio hukutwa na shambulio la moyo. Waliobaki wengi wana mambo mengine mazito: uvimbe wa msuli wa moyo unaoletwa na virusi, donge la damu kwenye mapafu, moyo uliokwenda mbio kwa saa nyingi, maambukizi makali yaliyoenea mwilini. Mwanamke aliyepoteza damu nyingi hadi ikabaki kidogo mwilini anaweza kuwa na troponini inayopanda kutoka 12 hadi 40, kwa sababu moyo wake hupokea damu isiyobeba hewa ya kutosha. Mpe huyo dawa ya kuzuia damu kuganda na umeongeza tatizo lililomleta. Anachohitaji ni damu. Ndiyo maana ule ufafanuzi wa kimataifa haukubali namba peke yake. Unataka mwendo wa troponini, namba moja angalau ikiwa juu ya mpaka, na pamoja na hayo dalili kwamba moyo umekosa damu: maumivu, mabadiliko ya umeme wa moyo, picha, au donge lililoonekana kwenye mshipa.

Mwendo unaweza pia kuwa wa uongo. Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu unafundisha kutumia akili kabla ya kuamini karatasi, ni huu: 8, kisha 212, kisha 9, kila moja baada ya saa moja. Hakuna moyo unaofanya hivyo. Troponini iliyomwagika hadi 212 haiwezi kutoweka ndani ya saa moja. Mara nyingi mkosaji ni uzi mdogo wa damu iliyoganda, uliobaki kwenye chupa kwa sababu mashine ya kuzungushia damu haikuzunguka vya kutosha, au chupa iliwekwa kabla damu haijamaliza kuganda. Uzi huo hunasa vitendanishi na kuifanya mashine ione mwanga usiostahili. Fundi maabara mzuri akiona namba isiyoendana na nyingine huitoa chupa ile ile, huizungusha upya na kupima tena. Ikirudi 8 au 9, ameokoa mtu asipelekwe kupasuliwa mshipa bure.

Uongo wa kinyume hutokea damu inapovutwa kwa nguvu kupitia mpira uliokwisha wekwa mkononi, jambo la kawaida kwenye dharura. Chembe nyekundu hupasuka, maji ya damu hugeuka mekundu, na kwa kipimo cha troponini T jibu hushuka. Sampuli ya pili ikipasuka hivyo, kupanda kwa kweli kunaweza kufichika. Kwa hiyo rangi ya maji ya damu kwenye chupa ni habari, na haifai kunyamaziwa kwa sababu foleni ni ndefu.

Hata saa ya ukutani inaweza kuharibu kila kitu. Vizingiti vya 3 na 5 vimetengenezwa kwa pengo la saa moja. Kama ya pili ilitolewa baada ya saa moja na dakika 50 kwa sababu muuguzi alikuwa peke yake na majeruhi wa ajali, badiliko la 5 halina tena maana ile ile. Kwa pengo la saa mbili kipimo hicho hutumia vizingiti vingine: chini ya 4 kumtoa, 10 au zaidi kumwingiza. Kinachohesabiwa ni saa ya kutoboa mshipa, si saa chupa ilipofika maabara, na hiyo saa lazima iandikwe kwenye chupa na mtu aliyetoboa.

Kwetu Afrika Mashariki, tatizo kubwa zaidi la mwendo wa troponini ni safari ya mgonjwa mwenyewe. Anapimwa kwanza zahanati au hospitali ya wilaya kwa kifaa kidogo cha mezani, kisha anapelekwa hospitali ya rufaa na kupimwa kwa mashine kubwa. Karatasi ya kwanza inasema 0.03, ya pili inasema 35, na mtu anafikiri imelipuka mara elfu moja. Kifaa cha kwanza kiliandika kwa nanogramu kwa mililita, na 0.03 kwa kipimio hicho ni 30 kwa lita. Hata ukishageuza vipimio, 30 na 35 haviwezi kutoana, maana huenda kimoja kilipima troponini I na kingine T, na kila kampuni ina kingamwili zake na mpaka wake. Kwa kipimo kimoja cha troponini I cha Abbott, kwa mfano, mpaka wa wanawake ni 16 na wa wanaume ni 34. Mwendo hupatikana kwa mashine moja tu. Hospitali ya rufaa inapompokea mgonjwa, saa yake huanza upya na sampuli mbili zake yenyewe, lakini karatasi ya kwanza haitupwi, kwa sababu inaonyesha kwamba muda fulani kulikuwa na kitu au hakukuwa nacho.

Na gharama ya kutopima mara mbili tunaijua. Watafiti wa Moshi, katika hospitali ya KCMC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke, waliwapima kwa utaratibu watu wazima waliofika dharura na maumivu ya kifua au pumzi fupi, kwa troponini iliyorudiwa baada ya saa tatu. Zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa na shambulio la moyo, na ni wachache mno kati yao ambao faili zao za kawaida za hospitali ziliandikwa hivyo. Kipimo walichotumia hakikuwa cha usikivu wa juu. Kilichowaonyesha wagonjwa hao ni kupima na kurudia.

Mtu aliyeondolewa shaka naye ana lake la kujua. Troponini iliyotulia chini inasema hakuna kipande cha moyo kilichokufa usiku huo. Haisemi mishipa ni mizima. Mshipa unaweza kuwa umebanwa kiasi cha kuleta maumivu kila apandapo ngazi, bila seli kufa na bila troponini kusogea. Kwa hiyo mwenye 6 na kisha 7, aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, kama maumivu yake huja akitembea na kuondoka akipumzika, anahitaji kurudi kliniki ya moyo ndani ya siku chache kupimwa kwa mazoezi au kwa picha. Na kama kifua kitambana tena usiku huo huo na kukataa kuachia, arudi dharura, na hesabu ya sampuli mbili ianze upya.